Naomba ushauri: njaa ya kaya iandikwe wapi kwenye mpango wa lishe?

Habari zenu wakuu. Kliniki yetu inauliza maswali 3 ya njaa ya kaya kwa wiki 4 zilizopita: chakula kuisha kabisa, kulala njaa, kushinda mchana na usiku bila kula. Kila swali lina alama 0 hadi 2, hivyo jumla ni 0 hadi 6. Kuanzia 4 ni njaa kali.

Mtoto wa kilo 6.2 anapewa pakiti 3 za chakula dawa kwa siku, ila uzito umesimama wiki 2. Kaya yake ina alama 4 za njaa. Pakiti tupu zinarudi zote, lakini mama, alipoulizwa faraghani, alisema mtoto anagawana chakula hicho na ndugu zake wawili.

Tumeandika "4" pembeni mwa kadi. Zamu iliyofuata ikaandika "hafuati maelekezo", jambo linalomwonea mama.

Je, mnaandikaje alama na sababu ndani ya mpango wenyewe? Na mnauliza upya kila baada ya muda gani?