Mrejesho: matone ya maji yenye ukingo mweusi

Niliuliza: "Nimekata maji yanayoruka, yaliyopigwa picha kwenye weusi. Nikiyaweka juu ya bluu, mbona kila tone lina ukingo mweusi?"

Wakuu, limekaa sawa. Kumbe ukingo wa tone unapitisha mwanga, kwa hiyo pikseli zake zimeshachanganyika na ule weusi. Hata ukate kwa umakini gani, weusi unahama nao.

Sasa sikati kabisa. Kwenye Photoshop nafungua Channels, nashika Ctrl na kubofya kijipicha cha RGB. Panapong'aa panachaguliwa zaidi, panapofifia kidogo. Uteuzi ukiwa bado hai, naongeza leya ya Solid Color nyeupe juu ya bluu. Uteuzi unageuka maski yenyewe. Rangi ya zamani haitumiki tena, ndiyo maana ukingo ni safi.

Kulibaki ukungu hafifu pembeni. Nikabofya maski kwa Alt, nikaona kijivu palipotakiwa kuwa peusi tii. Ctrl+L, nikasogeza kitelezi cheusi kidogo tu. Ukizidisha, vitone vidogo vinatoweka.

Juu ya nyeupe njia hii haifai, maji hayaonekani. Hapo piga picha kwenye mandhari nyeupe, utumie Multiply.