Tupeane uzoefu: kupiga picha kwa simu chini ya turubai la buluu

Mwanzisha mada, Jinja

Ndugu wanachama, ninaandaa somo fupi la video kuhusu kupiga picha za watu kwa simu katika sherehe za mchana, na kabla sijalirekodi ninaomba mnisaidie kusahihisha maelezo yatakayowekwa chini yake. Kwa sasa yanasomeka hivi:

"Katika somo hili utajifunza kumpiga picha mtu aliyevaa kanzu nyeupe akiwa chini ya turubai, huku uwanja ulio nyuma yake ukiwaka jua. Tutagusa uso kwenye kioo cha simu, tutashikilia kidole mpaka alama ya kufuli itokee, kisha tutashusha alama ya jua kidogo. Mwisho tutaingia Snapseed turekebishe rangi kwa White Balance, mwanga kwa Tune Image, na uso peke yake kwa Selective."

Nimechagua hali hii kwa sababu iliwahi kunishinda katika kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, ya binamu yangu. Ilikuwa saa 8 mchana, wageni wamekaa chini ya turubai la buluu, nami nikapiga bila kugusa chochote. Uwanja ulitoka vizuri, migomba ikaonekana jani kwa jani, lakini nyuso za ndugu zangu zikawa nyeusi hata macho hayakuonekana. Nilipogusa uso wa binamu kwenye kioo, simu iliongeza mwanga. Uso ukatokea, ila kanzu ikageuka karatasi tupu na darizi yake nyekundu ya kifuani ikapotea kabisa. Juu ya hayo, watu wote walikuwa na rangi ya samawati kama waliozama majini. Ninaomba kila mmoja aeleze lililompata katika hali kama hiyo na alilofanya.

Mwanafunzi, Kampala

Mimi ninaona jambo hili ni jepesi. Washa HDR, basi. Simu yangu hupiga picha kadhaa kwa mpigo mmoja, nyingine angavu na nyingine zenye giza, kisha huziunganisha. Kanzu inabaki na mikunjo yake na uso unaonekana. Sijawahi kuhitaji kufuli wala kushusha alama ya jua.

Fundi wa studio, Mbale

Kijana, kuhusu kanzu umesema kweli, na katika simu nyingi za sasa HDR hujiwasha yenyewe. Lakini haigusi rangi ya turubai, kwa sababu kazi yake ni kuokoa sehemu zenye mwanga mwingi na zenye giza, wala haijui kwamba mwanga wenyewe umepita kwenye kitambaa cha buluu. Pia, watu wakiwa wanacheza ngoma, utaona mkono mmoja una kingo mbili, kwa kuwa picha zilizounganishwa zilipigwa kwa nyakati zinazotofautiana kidogo.

Mwenzetu wa Jinja, kosa la maelezo yako ni kwamba yanaanza na simu, ilhali tatizo linaanza mahali mtu aliposimama. Mimi niliacha zamani kumpiga mtu aliye katikati ya turubai. Ninamwomba asogee mpaka ukingoni, hatua moja hivi ndani ya kivuli, ageukie nje, nami ninasimama nje juani nikimtazama. Hapo mambo mawili hubadilika kwa pamoja. Nyuma yake sasa ni giza la ndani ya turubai, si uwanja unaowaka, kwa hiyo simu haina sababu ya kupunguza mwanga. Na mwanga unaompiga usoni unatoka kwenye anga iliyo wazi na kwenye ardhi iliyo mbele yake, hivyo ule uliochujwa na turubai unabaki kidogo tu.

Baada ya hapo ndipo ninagusa uso, ninashikilia kidole mpaka simu ifunge (kwenye aifoni hutokea maandishi AE/AF LOCK), kisha ninatelezesha kidole kushuka kidogo. Kwenye simu zinazoonyesha namba ninaishia kati ya -0.3 na -0.7. Ninajua nimefika pale ninapoikuza picha kwenye kioo na kuuona uzi wa darizi.

Lakini kuna udongo wetu mwekundu. Uwanja wa murami ukipigwa na jua hurudisha mwanga wa rangi ya chungwa, na utauona chini ya kidevu na kwenye pindo la kanzu. Ninapoweza huchagua upande wa turubai wenye nyasi fupi au saruji.

Muuza vitenge, Busia

Nimeona mnazungumzia rangi ya buluu, nami nina shida hiyo hiyo, ingawa mimi sipigi watu. Duka langu lina turubai la buluu kwa mbele. Ninampigia mteja wa Tororo picha ya kitenge, anakipenda, ninakiweka kwenye basi, kesho yake ananiambia nimemtumia kingine. Je, ninunue simu mpya?

Fundi wa studio, Mbale

Hapana dada, usinunue simu. Lishike turubai lenyewe, kwa maana ndilo linalopaka rangi vitenge vyako. Toa kitenge nje ya turubai, kiweke kwenye kivuli cha ukuta ambao haujapakwa rangi kali, na kando yake weka karatasi nyeupe ya daftari. Piga picha, ifungue katika Snapseed, ingia White Balance, chagua ile alama ya kitonea, uiweke juu ya karatasi. Programu itaichukulia karatasi kuwa nyeupe na kuzisogeza rangi nyingine zote kulingana nayo. Ukimaliza, kata karatasi itoke kwenye picha.

Mwanzisha mada, Jinja

Nimeijaribu njia hiyo ya kitonea kwenye picha za ile kwanjula, nikakiweka juu ya kanzu ya binamu. Nyuso zilipoteza ule usamawati, lakini uwanja wa nyuma uligeuka rangi ya chungwa, nayo migomba ikaonekana kama imekauka. Na kwenye picha ya mjomba, ambaye kanzu yake si nyeupe bali ina rangi ya maziwa yaliyoiva, kila kitu kilizidi kuwa buluu.

Fundi wa studio, Mbale

Ndivyo inavyotakiwa kutokea. Katika picha yako kuna mianga miwili, wa turubai mbele na wa jua nyuma, na White Balance inajua kusogeza picha nzima kuelekea upande mmoja tu. Ukiponya uso, uwanja unaugua. Hakuna uhariri mwepesi utakaoponya vyote viwili. Unaweza kukata picha ili uwanja ubaki kidogo, au kuifanya nyeusi na nyeupe. Kwa kanzu ya mjomba, umeidanganya programu kwamba rangi ya maziwa ni nyeupe, nayo ikaongeza buluu ili kuifuta njano. Tafuta sahani nyeupe mezani, au weupe wa shati la mtu mwingine aliye chini ya turubai hilo hilo.

Mwalimu mstaafu, Arua

Ninashukuru kwa mafunzo haya. Nilitazama video za watu wa nchi za mbali wakishauri kupiga picha katika saa ya mwisho kabla jua halijazama, wakati mwanga ni laini na wa dhahabu. Nilipofanya hivyo katika ubatizo wa mjukuu wangu, nilipanga watu mistari mitatu, na nilipomaliza kuwapanga mwanga ulikuwa umekwisha. Hapa karibu na ikweta jua linashuka takribani wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ule mwanga wa chini kabisa ni wa dakika 20 na kidogo, si saa nzima. Hali kadhalika mchana jua linakaa karibu na utosi. Kwa Kampala hufika juu kabisa saa 7 kasorobo hivi, na macho ya watu yanabaki mashimo meusi chini ya paji la uso. Kwa hiyo kivuli cha turubai mnachokilalamikia, kwangu ndicho kilichoniokoa.

Swali langu ni hili: pale ambapo haiwezekani kumhamisha mtu, kwa mfano wazee wamekwisha kaa na mazungumzo ya mahari yanaendelea, tuokoe kanzu au tuokoe uso?

Mwanafunzi, Kampala

Mwalimu, okoa kanzu. Uso wenye giza unainuliwa baadaye kwenye Tune Image kwa kuongeza Shadows, lakini kanzu iliyoungua kwa mwanga hairudi. Nimejaribu kushusha Highlights kwenye picha ya namna hiyo, nikapata kijivu kitupu kisicho na mshono wala mkunjo.

Fundi wa studio, Mbale

Hapo umenena vizuri, lakini mimi sikubaliani nawe moja kwa moja. Uso mweusi ulioachwa gizani sana, ukiuinua unatoka na chembechembe na madoa ya kijani au zambarau shavuni, hasa kwenye simu za bei nafuu. Mtu mwenye ngozi nyeusi ndiye anayeumizwa kwanza na shauri la kuilinda kanzu. Ninashusha mwanga mpaka darizi ionekane kwa shida, si zaidi, nikikubali bega lililo upande wa jua liungue. Kisha katika Snapseed ninachagua Selective, ninaweka nukta shavuni, ninabana kwa vidole viwili mpaka duara lienee usoni pekee, halafu ninaongeza Brightness polepole. Nikivuka 30 hivi huanza kuona uso unang'aa kama umepakwa unga, ninarudi nyuma. Wenzangu wengine wa studio wanaiokoa kanzu kwanza, na picha zao si mbaya.

Mpiga picha wa kanisani, Mbarara

Niongeze la usiku. Sherehe ikiingia usiku chini ya taa za LED, picha zangu zilikuwa na milia myeusi ya kulala, nikadhani kamera imeharibika. Nilipoingia hali ya Pro ya kamera na kuweka kasi ya shata 1/100, milia ilitoweka, lakini katika ukumbi unaotumia jenereta ndogo ilirudi.

Fundi wa studio, Mbale

Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa za aina fulani hupepesa mara 100 kwa sekunde, na 1/100 au 1/50 hulingana nao. Jenereta ndogo ikilemewa na spika, mwendo wake hubadilika, na hesabu hiyo inavunjika. Hapo ninajaribu kasi za jirani mpaka milia ipungue, nisipofaulu ninasogea karibu na taa ya aina nyingine.

Mwanzisha mada, Jinja

Nimebadilisha sentensi ya kwanza ya maelezo: "Tutaanza kwa kumsogeza mtu mpaka ukingoni mwa turubai, ageukie nje, kabla hatujagusa simu." Kwenye White Balance nimeongeza kwamba kitonea kiwekwe juu ya kitu cheupe kweli kilicho ndani ya mwanga ule ule wa uso. Suala la kanzu na uso nitalirekodi kwa njia zote mbili, ya kijana na ya fundi, juu ya mtu mmoja na kwa dakika ile ile.

Muuza vitenge, Busia

Nimefanya la ukuta na karatasi. Nyekundu, njano na kijani zimetoka kama zilivyo mkononi, na mteja wa Tororo ameridhika. Lakini kitenge cha zambarau bado kinatoka buluu, hata nikikiweka wapi.

Fundi wa studio, Mbale

Zambarau hunisumbua hata mimi, dada, na simu mbili zilizo mezani pangu hazikubaliani juu yake. Mpigie mteja simu umwambie rangi yake kwa mdomo kabla hujakifunga.