CELPIP kuongea, swali la 3 na la 4: picha uanzie wapi, kushoto, tukio kubwa au sura za watu?

NahodhaWaPwani
Wadau salaam. Nilifanya CELPIP, ule mtihani wa Kiingereza wa Kanada, nikapata 6 kwenye kuongea na mimi nahitaji 7 kwa maombi ya ukaazi Kanada, narudi baada ya wiki 5. Picha ndo iliniangusha. Kwa ambao hawajaufanya, swali la 3 unapewa picha yenye watu kibao, sekunde 30 za kujiandaa, sekunde 60 unaongea peke yako na kompyuta, na unaambiwa unayemwelezea haioni. Swali la 4 picha ileile, muda uleule, ila sasa unasema nini kitatokea.

Nyumbani nimejaribu njia tatu. Ya kwanza naanza kushoto kwenda kulia kama nasoma kitabu, sisahau kitu ila muda unaisha nikiwa katikati. Ya pili naanza na tukio kubwa halafu ndo nazunguka pembeni, inaenda vizuri lakini nachanganya nani yuko wapi. Ya tatu naanza na sura za watu, nani kakasirika nani kafurahi, maneno yanakuja mengi ila mke wangu akisikiliza anauliza "sasa hawa watu wako wapi?" Nyie mlitumia ipi?

Dada_wa_Ubungo
Mi nakwambia taja KILA KITU. Kushoto kwenda kulia, usiache hata taa, ukiacha kitu wanakata. Mi nilikariri sentensi 10 za kuanzia, unabadilisha majina ya vitu tu, nikapata 8.

mwalimu_jioni
Hongera kwa 8 dada yangu, na kukariri maneno ya nafasi kama mbele kabisa, nyuma yake, kona ya juu kulia, hapo nakuunga mkono kabisa. Ila hilo la kila kitu sikubaliani nalo. Swali lenyewe linasema ueleze baadhi ya mambo yanayotokea, na dakika moja haimalizi picha ile hata uongee mbio. Wanaosahihisha wanaangalia mambo manne: ulichosema kimepangika, maneno yako ni mapana kiasi gani, unasikika bila kumchosha msikilizaji, na umefanya ulichoambiwa. Vitu 15 vilivyopangwa "kuna hiki, kuna kile" vinakuangusha kwenye upana wa maneno maana kitenzi ni kimoja tu.

Nahodha, mimi nafundisha njia yako ya pili, na huko kuchanganya kwako kuna dawa. Ukishataja mtu wa kwanza mfanye nguzo, kila anayefuata mfunge kwa aliyetangulia. Tuwekee picha moja uliyofanyia mazoezi tuione.

Kamanda254
Niliskia ni sekunde 25 za kujiandaa na 40 za kuongea, na picha ni za grafu na mapai, sasa mood ya grafu unaisema aje?

mwalimu_jioni
Huo ni PTE, kaka, mtihani mwingine kabisa. Huko unasema namba gani kubwa, ipi ndogo na mwelekeo. Ya hapa usiipeleke kule.

Kamanda254
Aah sawa, hiyo ndio nimebook, asante nimeelewa.

NahodhaWaPwani
Shukrani mwalimu. Picha ni ya supamaketi. Katikati mbele mtoto anavuta kopo la chini kwenye lundo refu la makopo. Kulia mama yake anaongea na simu kampa mgongo. Kushoto mfanyakazi anapiga deki, kibao cha njano cha kuonya kimelala chini. Nyuma yake mzee anasukuma troli huku macho yako kwenye karatasi. Mwisho kabisa kaunta na foleni.

mwalimu_jioni
Nzuri sana hiyo, maana matukio mawili yanaiva kwa pamoja. Fanya hivi. Sekunde 10 za mwanzo: ni supamaketi, na katikati mbele kuna mtoto wa kiume wa miaka kama 4 anavuta kopo la chini kabisa. Huyo ndo nguzo. Halafu kama sekunde 35: kulia kwa mtoto, hatua chache tu, mama yake kampa mgongo, upande wa pili wa lundo mfanyakazi anapiga deki, nyuma ya mfanyakazi mzee anakuja na troli. Zinazobaki ndo foleni. Ukikatwa hapo hujapoteza kitu.

Sura za watu usizitenge, zibandike kwa mtu palepale, tena na ushahidi. Ukisema mama ana wasiwasi hujasema kitu. Ukisema kakunja uso na kashika paji la uso, anaonekana kapata habari mbaya, hapo hata asiyeiona picha amemwona.

Halafu Kiswahili chetu kinatutega. Sisi tukisema mtu yuko mezani inatosha, Kiingereza kinakulazimisha uchague kama kakaa kwenye kiti karibu na meza au kapanda juu yake. Na "anapika" yetu inabeba anayepika sasa hivi na anayepika kila siku, Kiingereza kinazitenganisha na picha inataka ile ya sasa hivi.

BintiPangani
Mwalimu umenigusa. Mimi shida yangu ilikuwa yeye na yeye. Kwetu mama ni yeye, baba ni yeye, basi kwenye Kiingereza nilikuwa nabadilisha ya kiume na ya kike katikati ya sentensi moja, na kwenye picha ya watu watano msikilizaji anapotea kabisa. Nilichofanya nikaacha viwakilishi, kila mara narudia "yule mama", "yule mzee", nilipozoea ndo nikavirudisha kidogokidogo.

NahodhaWaPwani
Jana nimejirekodi, mke wangu akachora kwa kusikiliza tu. Mtoto na lundo kavipatia, mzee kamweka kaunta. Nikasikiliza tena, kumbe nilisema "nyuma" tupu bila kusema nyuma ya nani. Sasa swali la 4, utabiri wangu ulikuwa hivi: mtoto atavuta kopo, mama atamaliza simu, mfanyakazi atamaliza deki, mzee atanunua vitu, watu watalipa. Niliishiwa sekunde ya 25 😔

mwalimu_jioni
Uliishiwa kwa sababu umempa kila mtu sentensi moja ukamwacha. Chukua matukio mawili tu uyasukume mbele. Kopo likitoka lundo litaporomoka, kelele zitamfanya mama ageuke na akate simu, atamkimbilia mwanae amwangalie kama kaumia, mtoto huenda akalia kwa mshtuko kuliko maumivu. Hiyo peke yake ni nusu dakika. Halafu mzee: haangalii mbele, sakafu ina maji, kibao kimelala, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa atateleza, labda mfanyakazi amwahi. Unaona kila utabiri umesimama juu ya kitu kilichopo pichani? Na uhakika wako upandishe na kuushusha, lundo bila shaka, mzee inawezekana.

Kosa moja nalisikia kila wiki: kwenye ile sentensi ya "kama" watu wanaweka wakati ujao pande zote mbili. Kumbuka -ki- yetu. Hatusemi "likitatoka", tunasema "likitoka litaporomoka", wakati ujao unakaa upande mmoja. Kiingereza ni hivyohivyo.

Dada_wa_Ubungo
Hapo kwenye kuporomoka nimekubali. Ila kila kitu bado nashikilia, kama mtu anaongea haraka ataweza.

BintiPangani
Mwalimu, na zile sekunde 30 unaandika au unaangalia tu? Karatasi wanatupa lakini mimi nikiandika napoteza picha.

mwalimu_jioni
Mimi huwaambia waandike maneno manne tu, nguzo na matukio, mengine waangalie. Lakini nina wanafunzi waliofanya vizuri bila kugusa kalamu, kwa hiyo siwezi kukuambia kuna moja inayoshinda. Jirekodi mara tatu kwa kila njia, mtu akuchoree.

NahodhaWaPwani
Leo jioni narudia picha ileile, ya kwanza kwa kuandika na ya pili bila. Mke wangu kashachonga penseli.