Ajenti mpya, Peibili mpya: tulipe wapi kodi ya mwezi huu?

mpangaji_barani
Hamjambo wenzangu. Sisi tuko Barani, hapa Malindi, ploti ya nyumba kumi na mbili. Jana tumekuta barua chini ya kila mlango. Inasema kuanzia tarehe 1 ploti itasimamiwa na ajenti mpya, na kodi ilipwe kwa Peibili, akaunti ikiwa nambari ya nyumba (yangu ni B7). Ina muhuri na nambari ya simu ya huyo ajenti, lakini jina la mwenye nyumba halimo wala sahihi yake. Mpaka sasa tumekuwa tukimtumia keateka kwa simu yake, 14,000 na 600 za maji, naye ndiye anayempelekea tajiri Mombasa. Keateka anasema hajaambiwa kitu, tuendelee naye. Majirani wamegawanyika: wengine wanataka kulipa Peibili, wengine kwa keateka, wengine wanasema wasilipe mpaka ieleweke. Nyinyi mngefanyaje?

SaidWaMaweni
Peibili ni salama kuliko simu ya mtu. Kabla malipo hayajakamilika unaonyeshwa jina la biashara. Likilingana na lile la kwenye barua, lipa. Keateka akibadilisha laini kesho, utamdai nani?

mama_twaha
Mimi nalipa kodi kwa Peibili muda mrefu na shida yangu ni makato. Kila mwezi natoa kodi na makato juu yake. Afadhali uende benki ukaweke mwenyewe, stakabadhi unapewa papo hapo.

mpangaji_barani
Makato si neno, mama. Ninachohofia ni kulipa mtu asiyehusika, halafu nidaiwe upya.

kahindi_ngala
Nimekusanya kodi za watu kwenye ofisi ya ajenti kwa miaka mingi, kwa hivyo nitaeleza kama ninavyoijua kazi yenyewe.

Said yuko sawa nusu. Jina linalotokea linakwambia pesa zinamfikia nani. Kwamba mwenye nyumba ndiye aliyemtuma, hilo halikuambii. Tena maajenti wengi hawana Peibili yao, wanatumia ya benki. Hapo utaona jina la benki tu, na kinachoamua pesa ziende wapi ni ile nambari ya akaunti. Tapeli naye anaweza kufungua akaunti benki.

Kuhusu hiyo B7, Peibili nyingi hupokea chochote utakachoandika kwenye akaunti. Ukiandika 87 badala ya B7, pesa zinaingia vilevile, meseji inakuja, na kwenye daftari la ajenti B7 inasomeka haijalipa. Mara nyingi kesi ya "nimelipa" na "hujalipa" huanzia hapo. Kila ukilipa, isome meseji mpaka kwenye neno la akaunti.

Sasa barua. Ajenti ni mtu wa kutumwa, na anayetangaza kutumwa kwake ni aliyemtuma. Kwa hivyo barua inayohesabika ni ya mwenye nyumba, hata kama ni mistari mitatu: kuanzia tarehe fulani, mtu fulani ndiye msimamizi, kodi ilipwe hapa. Mpigie kwa nambari iliyo kwenye mkataba wako, usitumie iliyo kwenye barua, kisha umwombe akuandikie hata kwa meseji. Na huyo ajenti muulize kama amesajiliwa na bodi ya maajenti (EARB). Aliyesajiliwa hatakasirika kuulizwa.

SaidWaMaweni
Basi si atume shilingi mia kwanza ajaribu?

kahindi_ngala
Mia itamwonyesha kwamba njia inafika. Haitamwonyesha kwamba ni njia ya tajiri wake.

chaurembo_254
Mimi nasema asilipe mtu yeyote. Wao ndio wamevuruga, wakae wapatane kwanza. Wakisumbua aende mahakama ya kodi, mpangaji analindwa.

kahindi_ngala
Ndugu yangu, hapo utawaponza. Mahakama unayoisema, ile ya kudhibiti kodi, kwa sheria inashughulikia nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi. Ya 14,000 haimo. Na kodi haisimami kwa sababu njia imebadilika, tarehe ikifika ni deni. Sura ya 293 ya Sheria za Kenya inamruhusu mwenye nyumba kukamata vyombo vya mpangaji kwa deni la kodi, kupitia dalali mwenye leseni. Kuzuia pesa kwa siku chache ukithibitisha ni jambo la busara, lakini mwandikie tajiri kabla tarehe haijafika: "Kodi ninayo, nangoja unijulishe nilipe wapi." Na pesa zikae kweli, zisiguswe.

Kwa keateka pia kuna mpaka. Ukimlipa kabla hujajulishwa, una hoja nzuri kwamba umelipa kwa mtu uliyezoeshwa kumlipa. Ukishajulishwa na mwenye nyumba, kila shilingi unayompa ni kwa hatari yako.

dukani_sokoni
Mimi nimeletewa barua kama hiyo dukani, lakini chini wameongeza kwamba kodi inapanda mwezi ujao huohuo. Nikikubali Peibili nitakuwa nimekubali na kodi mpya?

kahindi_ngala
Ya duka ni sheria nyingine, Sura ya 301. Ikiwa upangaji wako unaingia humo, kupandisha kodi kunataka notisi ya fomu maalumu na muda usiopungua miezi miwili. Ukilipa kodi ya zamani kwa njia mpya, waandikie siku hiyohiyo kwamba umekubali njia tu, nyongeza hujaikubali. Kama kubadilisha njia peke yake nako kunahitaji notisi hiyo, nimewasikia mawakili wakivutana. Peleka barua yako kwa wakili aisome.

bintiyusuf_Lamu
Huku kwetu Mkomani tulibadilishiwa ajenti, na kodi haikutusumbua hata kidogo. Kilichotusumbua ni dipoziti. Wa zamani alisema ameikabidhi, mpya akasema hajapokea. Dada, usiache siku hiyo ipite.

kahindi_ngala
Bi Yusuf amegusa penyewe. Ajenti mpya huanza daftari kwa hesabu aliyokabidhiwa. Kama keateka hakuwasilisha kodi ya mwezi uliopita, B7 inaanza ikiwa na deni la 14,600 ambalo huna, na dipoziti yako inaweza kuandikwa sifuri. Kabla ya malipo ya kwanza dai karatasi moja yenye sahihi ya ajenti: dipoziti yako ni kiasi gani na ipo kwa nani, deni hadi mwisho wa mwezi ni sifuri, na maji yanalipwa pamoja na kodi au kando. Toa taarifa ya M-Pesa kwenye app, uweke alama kwenye malipo yote uliyomtumia keateka, umpe nakala.

mpangaji_barani
Nimempata mwenye nyumba jioni hii kwa nambari ya kwenye mkataba. Amekiri ajenti ni wake, na meseji amenitumia yenye jina na nambari ya Peibili, sawasawa na barua. Nimeisambaza kwa majirani wote. Keateka anabaki kwa usafi na maji ila hapokei pesa tena, naye ameambiwa leo. Dipoziti anasema "ataangalia", maana yeye anakumbuka wengine hawakulipa kamili. Ya kwangu ninayo meseji, lakini wenzangu watatu walitoa taslimu mkononi na hawakuandikiwa chochote.

bintiyusuf_Lamu
Hao watatu mikataba yao inataja dipoziti?

mpangaji_barani
Mmoja inataja, na sahihi ya tajiri ipo. Wawili hawana mkataba kabisa. Kesho tunakwenda sote kumi na wawili kwa ajenti na ile karatasi ya kutiwa sahihi.