Tupeane uzoefu: kurasa za Kiswahili zinazojigeuza Kiingereza (na kinyume chake), ulizidhibiti vipi?

BintiWaPongwe

Wakuu salaam. Nina steshenari hapa Tanga, kompyuta tatu, wateja wanakuja kujaza fomu, kuangalia matokeo, kusoma matangazo ya ajira. Kuna kompyuta moja ilikuwa inanitia aibu. Unafungua ukurasa wa Kiswahili safi, unauona sekunde moja hivi, mara unageuka Kiingereza kibovu bila kuuliza. Mteja anadhani nimemfungulia tovuti bandia.

Nilichogundua ni kwamba mtu aliyeitumia kabla aliweka alama ya kutafsiri Kiswahili kila mara. Kile kidirisha cha tafsiri kikitokea, ukibonyeza vidoti vitatu pembeni kuna `Always translate Swahili`. Ukiigusa, Chrome inakumbuka. Haikuulizi tena wiki ijayo wala mwezi ujao.

Nilichofanya: nikaandika `chrome://settings/languages` kwenye sehemu ya anwani, nikashuka hadi kwenye Google Translate. Kuna orodha inaitwa `Automatically translate these languages`, Kiswahili kilikuwa kimekaa humo. Nikakifuta. Chini yake kuna `Never offer to translate these languages`, nikaweka Kiswahili na Kiingereza vyote viwili. Tangu hapo kila ukurasa unabaki na lugha yake, na Kifaransa au Kichina kikija bado kinaniuliza.

Nataka kusikia wenzangu, hasa wanaotumia simu, maana wateja wananiletea simu na menyu zake sizifahamu zote.

Njoro_Boy

Niaje. Mimi sikuhangaika na hizo orodha. Nilienda tu settings za simu, nikabadilisha lugha yote ikawa Kiswahili, basi. Chrome ikafuata, Google ikafuata. Rahisi kabisa, fanya hivyo kwa simu za wateja wako.

FundiKimya

Njoro_Boy uko sawa nusu, mkuu. Ukibadilisha lugha ya simu, menyu za Chrome zinakuwa za Kiswahili, ndiyo. Lakini lugha ya kutafsiria nayo mara nyingi inahamia Kiswahili. Matokeo yake, mtu anayesoma Kiingereza vizuri tu anaanza kuulizwa kama anataka kila ukurasa wa Kiingereza uwe Kiswahili. Akigusa "kila mara" kwa haraka, amerudi palepale alipokuwa Binti, ila upande wa pili.

Watu wanachanganya vitu vitatu. Kuna lugha ya menyu. Kuna orodha ya lugha unazopendelea, hii Chrome huitangaza kwa kila tovuti unayofungua. Halafu kuna tafsiri, ambayo ni kazi ya kivinjari chenyewe baada ya ukurasa kufika. Hiyo ya pili ukiipanga Kiswahili juu na Kiingereza chini, tovuti inapokea mstari kama huu:

```
Accept-Language: sw,en;q=0.9
```

Maana yake ni "nipe Kiswahili kama unacho, la sivyo Kiingereza". Tovuti yenye matoleo yote mawili, ikiwa imetengenezwa kusikiliza, itakuletea la Kiswahili lililoandikwa na binadamu. Hilo ni bora mara kumi kuliko tafsiri ya mashine. Kwa hiyo dada Binti, kwenye ukurasa uleule wa mipangilio, angalia na `Preferred languages` juu kabisa. Kama Kiswahili hakimo, ongeza, kisha kipandishe kwa vidoti vitatu vya pembeni.

Kwenye simu ya Android: vidoti vitatu vya Chrome, `Settings`, kisha `Languages`. Orodha ya lugha iko hapo, na zile za tafsiri ziko ndani zaidi. Majina yanatofautiana kidogo kati ya toleo na toleo, usishangae.

MzeeWaKahama

Hili tatizo ninalo hata mimi. Nikiandika "habari za asubuhi" simu inageuza inaweka maneno ya Kiingereza. Nimemtumia mkwe wangu ujumbe wa pole akaelewa vingine kabisa. Nimekwenda hapo kwenye Languages ya Chrome sijaona kitu.

BintiWaPongwe

Shikamoo mzee. Hiyo yako ni kibodi, Chrome haihusiki. Fungua mipangilio ya kibodi yenyewe, kwenye lugha uongeze Kiswahili, au uzime `Auto-correction`. Ukipita Tanga niletee simu nikuwekee.

MzeeWaKahama

Marahaba mwanangu. Kahama mpaka Tanga kwa ajili ya kibodi! Nitamwambia mjukuu.

MwandishiWaMashamba

Nami niongeze upande wa wenye blogu. Ninaandika mambo ya kilimo kwa Kiswahili, na wasomaji walilalamika kwamba vivinjari vyao vinachukulia kurasa zangu kama za Kiingereza. Kumbe kiolezo nilichonunua kiliandikwa na wenyewe hivi kwenye mstari wa kwanza: `<html lang="en">`. Nikaubadilisha:

```
<html lang="sw">
```

Chrome hukisoma hicho na pia hukisia lugha kutokana na maandishi yenyewe. Ukurasa mrefu huwa inapatia. Inapokosea ni ukurasa mfupi, au ule wenye menyu za Kiingereza, majina ya dawa za mimea na sentensi nne tu za Kiswahili. Malalamiko yamepungua sana, ingawa kuna mmoja bado anasema kwake haijabadilika, na simu yake sijaiona.

FundiKimya

Huyo mmoja huenda alishaweka "kila mara" kwake. Mwambie aangalie orodha zake. Blogu yako haiwezi kufuta uamuzi ulio kwenye simu ya mtu.

Na Binti, jambo moja la steshenari: fomu usizijaze zikiwa zimetafsiriwa. Tafsiri ya Chrome inapenyeza vipande vya `<font>` ndani ya ukurasa, na tovuti zinazojichora upya kila unapobonyeza zinaweza kukwama. Dalili zake ni kitufe kisichojibu, au ukurasa kuwa mweupe katikati ya kazi. Rudisha lugha ya asili kwanza, uupakie ukurasa upya, ndipo ujaze. Kama mteja hajui Kiingereza, fungua ukurasa huo mara mbili: dirisha moja lenye tafsiri la kusomea, jingine la asili la kujazia.

BintiWaPongwe

Ahaa! Ile fomu ya juzi iliyogoma kwenye wilaya, orodha ikawa tupu. Mtandao nikaulaumu bure. Nitajaribu kwa madirisha mawili.

MamaZuhura_Muscat

Assalaam alaykum. Niko Oman, kwangu Kiarabu ndiyo kinachonisumbua. Nimefuata mlivyosema: Kiswahili juu, Kiingereza cha pili. Tovuti nyingi zimetii. Kiarabu nimekiweka kwenye tafsiri ya moja kwa moja kwenda Kiswahili, matangazo ya nyumba za kupanga nasoma bila shida, isipokuwa tangazo likiwa ni picha. Hapo hakuna kinachogeuka.

Iliyobaki ni tovuti moja ya huduma ninayolipia kila mwezi. Inafunguka Kiarabu kila siku, nabonyeza `English` juu, kesho imerudi Kiarabu.

FundiKimya

Wa alaykum salaam mama. Picha ni kweli, tafsiri ya ukurasa inagusa maandishi tu. Hiyo tovuti inaonekana haisikilizi orodha yako, inaangalia uko nchi gani. Chaguo lako la `English` huwa linawekwa kwenye kuki, yaani kumbukumbu ndogo ambayo tovuti huiacha ndani ya kivinjari. Je, kivinjari chako kinafuta kuki ukikifunga? Au unafungua kwa dirisha la siri?

MamaZuhura_Muscat

Dirisha la siri hapana. Kuki sijui, simu aliniwekea mwanangu. Ila nimeona sasa hivi, nikibonyeza `English` anwani juu inaongeza `/en` mwishoni. Nikihifadhi hiyo kwenye vialamisho?

FundiKimya

Hifadhi hiyohiyo, na kesho ingia kwa kialamisho. Ikirudi Kiarabu tena hata ukiwa na `/en`, tuambie.