MREJESHO: ule mdundo wa kalimba wa wimbo wa kumbembeleza mtoto

Niliuliza hivi: "Nina kalimba ya funguo 17, nataka kipande kimoja kijirudie chini ya wimbo wa kubembeleza, mbona changu kinakuwa kelele nikianza kuimba?"

Jamani nimepata. Kosa lilikuwa kujaza, nilikuwa napiga noti nane bila kupumua, na kalimba haikati sauti, ukishadonoa ufunguo unaendelea kulia wenyewe mpaka uchoke, kwa hiyo zote zilikuwa zinalia juu ya mwenzake.

Sasa nahesabu sita, napiga tano tu: do ya katikati kwa gumba la kushoto, sol kulia, do ya juu kushoto, sol, do ya juu, halafu ya sita KIMYA. Hapo kwenye kimya ndo naanza mstari wa kuimba.

Mzunguko wa pili nikabadilisha ile do ya katikati iwe la, ikasikika kama inagombana. Kumbe la na sol ni majirani kwenye ngazi, zikilia pamoja zinakwaruzana. Nikasogeza gumba la kulia ufunguo mmoja tu kuelekea katikati, sol ikawa mi, basi ikalainika, ina kahuzuni kidogo ila tamu. Mizunguko miwili ya do, miwili ya la, ndo wimbo mzima huo.

Ila nikitumia kucha bado inakuwa kali, nyama ya kidole ndo inaleta joto. Mtoto jana kalala kabla sijafika beti ya pili 😂