Naomba ushauri: uvumi wa kufungwa ghala, nami siruhusiwi kusema yote

Habari zenu wakuu. Nasimamia wapakiaji na makarani wa ghala moja hapa Malaba, upande wa Uganda. Tangu mkataba wa mteja mkubwa ukaribie kuisha, kila siku kuna jipya: mara ghala linahamia Kampala, mara majina ya watakaoachishwa yako tayari. Juzi karani mmoja alikataa zamu ya usiku, eti anatafuta kazi Busia kabla hajawahiwa.

Ninachojua ni kwamba mazungumzo na mteja yanaendelea, ila bosi kanikataza kutaja masharti. Kuwanyamazisha watu sitaki. Wakinyamaza mbele yangu, maneno yatahamia kwenye kundi la wasapu ambalo simo.

Nimeanza kikao kifupi kila Jumatatu asubuhi: tunachojua, tusichojua, na lini nitarudi na jibu. Uvumi wa majina niliukanusha, maana nilimuuliza bosi na hakuna orodha. Nikawaeleza pia kwamba Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri anayepunguza watu 10 au zaidi ndani ya miezi 3 amjulishe Kamishna wa Kazi. Walitulia kidogo.

Tatizo, nikikanusha la uongo halafu kwa swali linalofuata nikasema "hilo siwezi kulizungumzia", wanachukulia kuwa ni kweli.

Je, mnajibuje swali la namna hiyo bila kudanganya wala kuvujisha siri? Na kuna mzee mmoja wa ghalani anayeaminiwa kuliko mimi, nimshirikishe vipi bila kumfanya jasusi wangu?